Gawio Likitoka, Bei Hushuka

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa inapotangaza gawio, hutaja mambo matatu: kiasi kitakacholipwa kwa kila hisa, siku ya kufunga daftari la wanahisa, na siku ya malipo. Kuna siku ya nne ambayo mara nyingi haitiliwi mkazo, ingawa kwa anayenunua na anayeuza ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hiyo ni siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio. Anayenunua kuanzia siku hiyo hupata hisa peke yake, na gawio lililotangazwa hubaki kwa aliyemuuzia. Kama hakuna jambo jingine lililotokea sokoni, bei ya hisa siku hiyo hutarajiwa kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

Mfano ulio karibu ni wa Safaricom, kampuni kubwa kuliko zote kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, kampuni hiyo ilitangaza gawio la mwisho la senti 65 kwa kila hisa, kwa wanahisa watakaokuwa kwenye daftari hadi jioni ya Alhamisi, 31 Julai 2025, na malipo kufanyika kufikia mwisho wa Agosti. Nairobi, mauzo ya hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya biashara kufanyika, yaani ndipo fedha na hisa zinapobadilishana akaunti. Aliyenunua Jumatatu tarehe 28 aliingia kwenye daftari Alhamisi ileile linapofungwa. Aliyenunua Jumanne tarehe 29 aliingia Ijumaa, 1 Agosti, akawa amechelewa. Kwa hiyo Jumanne ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya hisa kuuzwa bila gawio, ingawa tangazo lilizungumzia Alhamisi.

Muda huo hutofautiana baina ya masoko. Marekani, tangu 28 Mei 2024, mauzo hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo siku ya daftari na siku ya kuanza kuuzwa bila gawio kwa kawaida ni siku moja. Mtu aliyezoea kanuni za huko akizileta Nairobi bila kuuliza dalali wake anaweza kulikosa gawio kwa siku mbili tu.

Sababu ya bei kushuka ni nyepesi. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Senti 65 kwa kila hisa ni takriban shilingi bilioni 26 zinazotoka kwenye akaunti za kampuni na kwenda kwa wanahisa. Kabla ya hapo fedha hizo zilikuwa sehemu ya mali ya kampuni, na kila aliyeinunua hisa alikuwa akilipia fungu lake ndani yake. Zikishatoka, kinachobaki ni kampuni ileile, yenye minara ileile, wateja walewale na M-Pesa ileile, lakini ikiwa na bilioni 26 pungufu. Hakuna mnunuzi mwenye hesabu zake atakayelipa Jumanne bei aliyokuwa akilipa Jumatatu kwa kitu kilichopunguzwa. Ni kama mnazi: uliosheheni nazi na ulioanguliwa jana hauuzwi bei moja, hata kama shina ni lilelile.

Wengi huuliza kwa nini bei ishuke mwishoni mwa Julai ilhali fedha zinatoka mwishoni mwa Agosti. Jibu ni kwamba soko halisubiri fedha ziondoke, linaangalia haki ya kuzipokea iko kwa nani. Haki hiyo hujitenga na hisa siku ya kuanza kuuzwa bila gawio. Kuanzia hapo kampuni inadaiwa na watu waliokwisha kujulikana, na deni hilo halimhusu mnunuzi mpya.

Kushuka huku pia kusichanganywe na mwendo wa bei siku ya tangazo. Siku hiyo bei inaweza kupanda, kushuka au kutulia, kutegemea kama gawio ni kubwa au dogo kuliko lilivyotarajiwa. Tangazo ni habari. Siku ya kuanza kuuzwa bila gawio haina habari yoyote ndani yake, kwa kuwa tarehe na kiasi vimeshajulikana kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana kushuka kwa siku hiyo si dalili kwamba kampuni imeharibika, na anayeuza kwa hofu baada ya kuona bei imeteremka anaikimbia hesabu ya kawaida.

Katika soko la Marekani jambo hili limeingizwa hata kwenye kanuni za oda. Mteja akiacha oda ya kununua hisa kwa bei fulani au chini yake, na siku ya kuanza kuuzwa bila gawio ikafika kabla oda haijatimia, bei ya oda hiyo hupunguzwa kwa kiasi cha gawio, isipokuwa mteja awe ameagiza isiguswe. Bila utaratibu huo oda ingetimia kwa sababu tu gawio limetoka, na mnunuzi angedhani amepata hisa kwa bei ya chee.

Gawio linapokuwa dogo, kushuka kwake hupotea ndani ya purukushani za kila siku. Senti 65 kwenye hisa ya shilingi 25 ni asilimia 2.6, na hisa inaweza kupanda au kushuka kiasi hicho kwa sababu nyingine kabisa. Gawio kubwa huonekana waziwazi. Mwaka 2004 Microsoft iliamua kugawa akiba yake kubwa ya fedha, ikatangaza gawio maalumu la dola 3 kwa kila hisa, jumla takriban dola bilioni 32. Pamoja na gawio la kawaida la senti 8, hisa ilitengana na dola 3.08 siku ya Jumatatu, 15 Novemba 2004. Ijumaa iliyotangulia bei ilifungwa karibu na dola 30. Jumatatu ilifungwa ikiwa juu kidogo ya dola 27. Hakuna aliyefilisika wala aliyetajirika mwishoni mwa juma lile: aliyekuwa na hisa ya dola 30 sasa alikuwa na hisa ya dola 27 na ahadi ya dola 3.

Hata hivyo bei ya Microsoft haikushuka kwa dola 3.08 kamili, na hilo si ajabu. Watafiti Edwin Elton na Martin Gruber walichapisha mwaka 1970 uchunguzi wa hisa za Soko la New York, wakakuta kwamba kwa wastani bei ilishuka kwa takriban asilimia 78 ya gawio. Maelezo yao yalikuwa kodi. Wakati ule Mmarekani alitozwa kodi kubwa zaidi kwa gawio kuliko kwa faida ya kuuza hisa, kwa hiyo dola moja ya gawio haikuwa na thamani ya dola moja kamili mkononi mwake, na hakuwa radhi kuilipia dola moja.

Maelezo hayo yalionekana kukata shauri mpaka uchunguzi wa Murray Frank na Ravi Jagannathan ulipochapishwa mwaka 1998. Wao walitazama Hong Kong, ambako gawio halikutozwa kodi wala faida ya kuuza hisa haikutozwa. Kama kodi ndiyo chanzo pekee, bei huko ilipaswa kushuka kwa gawio lote. Walikuta gawio la wastani ni senti 12 za Hong Kong, na kushuka kwa bei kwa wastani ni senti 6. Sababu waliyoitaja ni usumbufu. Kupokea, kufuatilia na kuingiza gawio ni kero kwa wawekezaji wengi, kwa hiyo wanunuzi huahirisha kununua hadi gawio litoke, na wauzaji huharakisha kuuza kabla halijatoka. Biashara za siku ya mwisho yenye gawio hufanyika karibu na bei ya chini wanayotaja wanunuzi, na za siku inayofuata karibu na bei ya juu wanayotaka wauzaji. Tofauti hiyo hufunika sehemu ya kushuka.

Kwa hiyo kanuni inasema bei itarajiwe kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, na neno "kinachokaribia" lina kazi yake. Anayetaka kupima mwenyewe achukue bei ya kufunga ya siku ya mwisho yenye gawio, aongeze au apunguze mwendo wa soko zima siku iliyofuata, kisha atoe gawio. Matokeo ayalinganishe na bei iliyopatikana. Kwa hisa moja na siku moja jibu litayumba, na kanuni hujitokeza akikusanya siku nyingi. Kwa Safaricom kuna mtego wa ziada: kampuni hiyo peke yake ni sehemu kubwa ya thamani ya soko la Nairobi, kwa hiyo ikishuka huiburuta fahirisi nayo, na kuipima kwa fahirisi hiyo ni karibu na kuipima kwa yenyewe. Dar es Salaam tatizo huwa jingine. Baadhi ya hisa huko hukaa siku nyingi bila kuuzwa, na bei inayoonekana ubaoni ni ya biashara ya zamani. Gawio hutoka, bei haisogei, na mtu hudhani kanuni imeshindwa, kumbe hakuna aliyenunua wala kuuza. Kushuka hujitokeza siku mnunuzi wa kwanza anapofika.

Wapo wanaoona tarehe hizi kama nafasi ya kuvuna: kununua hisa siku moja kabla, kuchukua gawio, kisha kuuza. Hesabu ya mtu mwenye hisa 1,000 inaonyesha mwisho wake. Tuseme bei ni shilingi 25, gawio senti 65, na ada za dalali na za soko kwa pamoja ni asilimia 2 kila upande, kiwango ambacho mwekezaji mdogo wa Nairobi hakioni kigeni. Ananunua kwa shilingi 25,000 na kulipa ada ya 500. Gawio ni shilingi 650, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 anayotozwa mkazi wa Kenya anabaki na 617.50. Bei ikishuka kwa gawio lote, anauza kwa 24,350 na kulipa ada ya 487. Amepoteza 650 kwenye bei na 987 kwenye ada, akapata 617.50, hivyo amerudi nyumbani na hasara ya shilingi 1,019.50. Kinachoumiza zaidi ni kwamba hata bei isiposhuka kabisa, auze kwa shilingi 25 zilezile, bado ada za shilingi 1,000 zinalimeza gawio lote na kumwachia hasara ya 382.50.

Mwanahisa wa muda mrefu hafanyi biashara hiyo, lakini naye hukutana na swali kubwa zaidi: je, gawio limemtajirisha? Hisa 1,000 za shilingi 25 ni mali ya shilingi 25,000. Baada ya gawio, kwa kuiacha kodi kando, ana hisa 1,000 za shilingi 24.35, yaani 24,350, na fedha taslimu 650. Jumla ni 25,000 ileile. Kilichobadilika ni umbo la mali.

Kuna njia ya kulithibitisha hilo kutoka upande wa pili. Mtu mwingine ana hisa 1,000 za kampuni inayofanana na hiyo kwa kila kitu, isipokuwa haitoi gawio. Akihitaji shilingi 650 huuza hisa 26 kwa shilingi 25. Anabaki na hisa 974, ambazo kwa shilingi 25 ni 24,350. Huyu amejitengenezea gawio mwenyewe, na amefika palepale. Ana hisa chache zenye thamani kubwa zaidi kila moja, na mwenzake ana nyingi zenye thamani ndogo zaidi. Wachumi Merton Miller na Franco Modigliani ndio walioipa hoja hii umbo la kihesabu mwaka 1961. Walionyesha kwamba pasipo kodi na ada, na kama mipango ya uwekezaji ya kampuni haibadiliki, thamani ya kampuni haitegemei inagawa kiasi gani. Hutegemea mali zake zinazalisha nini.

Watu wengi hawalihisi hivyo. Samuel Hartzmark na David Solomon, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walieleza kwamba wawekezaji huweka gawio na bei kwenye hesabu mbili zisizokutana. Gawio huonekana kama mshahara wa ziada, na kushuka kwa bei huonekana kama jambo la soko. Taarifa nyingi za bei huchochea mazoea hayo, kwa kuwa bei ya ubaoni na fahirisi ya kawaida hazijumuishi gawio lililotoka.

Historia ya karibuni ya Safaricom inaonyesha hesabu hizo zikiunganishwa. Mwisho wa 2021 hisa yake ilikuwa karibu shilingi 38. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 14. Katika miaka hiyo miwili kampuni haikukosa kulipa: senti 64 na senti 75 mwaka 2022, kisha senti 58 na senti 62 mwaka 2023, jumla shilingi 2.59 kabla ya kodi. Aliyenunua mwisho wa 2021 alipokea shilingi 2.59 huku bei ikimpungukia shilingi 24. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiondoka Nairobi, riba zilipanda, na biashara mpya ya Ethiopia, iliyozinduliwa Oktoba 2022, ilikuwa ikimeza fedha. Gawio halikuzuia lolote katika hayo.

Kipindi hicho pia kinafichua hila ya kipimo kinachopendwa sana, yaani gawio la mwaka likigawanywa kwa bei ya hisa. Gawio la mwaka wa fedha wa 2022, shilingi 1.39, lilikuwa asilimia 3.7 ya bei ya shilingi 38. Gawio la mwaka uliofuata lilipunguzwa hadi shilingi 1.20, lakini kwa bei ya shilingi 14 likawa asilimia 8.6. Kipimo kilipanda zaidi ya mara mbili wakati kampuni ikilipa kidogo zaidi, kwa sababu tu bei ilikuwa imeporomoka. Anayechagua hisa kwa kutazama asilimia hiyo peke yake huvutwa kuelekea zile ambazo soko lina wasiwasi nazo.

Kisha bei ikageuka. Kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imepita shilingi 20. Gawio lilibaki shilingi 1.20 kwa mwaka wa fedha wa 2023, wa 2024 na wa 2025, senti kwa senti. Mali ya wanahisa ilipungua na kuongezeka huku gawio likiwa limesimama.

Haya hayalifanyi gawio kuwa kitu cha bure. Hoja ya Miller na Modigliani inasimama juu ya masharti, na masharti hayo huvunjika. Kuuza hisa 26 kila unapohitaji fedha kuna ada, na kwa hesabu ndogo ada hiyo inauma, kwa hiyo mstaafu anayehitaji fedha za matumizi anaweza kuliona gawio kuwa njia nafuu kuzitoa. Kodi nayo huelemea upande wa pili: Kenya, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa haitozwi kodi, ilhali gawio hukatwa asilimia 5. Kila linapotoka, fungu dogo huenda serikalini, hata kama mwanahisa alikuwa na nia ya kuzirudisha fedha zilezile kwenye hisa zilezile.

Sharti zito zaidi ni lile la mipango ya uwekezaji kutobadilika. Fedha zikibaki ndani, wakurugenzi huzifanyia kazi, na kazi hiyo inaweza kuwa njema au mbovu. Berkshire Hathaway, chini ya Warren Buffett, ililipa gawio mara moja tu, senti 10 mwaka 1967, na wanahisa wake hawakulalamika kwa kuwa kila dola iliyobakizwa ilizaa zaidi ya ambavyo wao wangeizalisha. Kampuni inayozika fedha kwenye miradi isiyorudisha gharama iko upande wa pili, na hapo gawio huokoa mali ambayo ingeteketea. Hata hivyo, kuokoa ni tofauti na kuzalisha.

Katika mwaka wa fedha wa 2025 Safaricom ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 70 kwa wanahisa wake, ikagawa takriban bilioni 48. Hizo 48 zilihama tu kutoka kwa kampuni kwenda kwa wenye kampuni, na bei ya hisa ikajirekebisha zilipotengana nayo. Bilioni 22 zilizobaki ndizo ambazo bado hazina jibu, kwa maana thamani yake kwa mwanahisa itategemea zinakopelekwa, Kenya au Ethiopia, na kila shilingi kati yake itarudi ikiwa na nini.